Chaneli Sita, Spika Mbili

Tuchukue onyesho la dakika mbili, la kubuni, ili tuwe na kitu cha kushika. Ni usiku, feri inavuka kutoka Kigamboni kwenda Magogoni. Mama na binti yake wamesimama ukingoni. Mvua inapiga paa la bati, injini inanguruma chini ya miguu yao, redio ya abiria mmoja upande wa kulia inapiga taarabu, na nyuma yao, gizani, meli inapiga honi. Muziki wa filamu unaanza kupanda pale binti anaposema, "Mama, shule sirudi tena."

Fundi wa sauti anayelichanganya onyesho hili ana chaneli sita za kugawia vitu hivyo. Filamu itaonyeshwa mara chache ukumbini, penye spika zote sita au zaidi. Baada ya hapo itaishi kwenye runinga za sebuleni, kompyuta za mapajani, simu na mabanda ya video, ambako kuna spika mbili, pengine moja. Yale maneno manne ya binti yanatakiwa yasikike kote huko. Nitalifuata onyesho hili toka spika zinapopangwa mpaka chaneli sita zinapokunjwa kuwa mbili, kwa sababu makosa mengi yanayogundulika mwishoni hufanyika mapema sana.

Mpangilio wa msingi huitwa 5.1. Ile tano ni spika kamili: kushoto, katikati na kulia mbele ya msikilizaji, kisha ya pembeni kushoto na ya pembeni kulia. Ile nukta moja ni chaneli ya besi nzito peke yake, ambayo kwenye skrini ya kompyuta huandikwa LFE. Imepewa nukta kwa sababu haibebi sauti nzima. Inabeba mtikisiko wa chini tu, takribani hezi 120 kushuka.

Katika chumba cha kuchanganyia, pendekezo la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linalojulikana kwa namba BS.775, linaweka spika ya katikati mbele ya pua yako. Zile za kushoto na kulia ziko nyuzi 30 kila upande kutoka hapo. Za pembeni haziko nyuma ya kisogo kama watu wengi wanavyodhani. Zinakaa kati ya nyuzi 100 na 120, yaani ubavuni, nyuma kidogo ya masikio. Spika zote tano ziwe umbali mmoja kutoka kwenye kiti, na kamba ya kawaida inatosha kupima. Ikiwa meza au skrini imekulazimisha kuisogeza spika ya katikati karibu zaidi kwa sentimita 30, sauti yake itawahi kwa karibu milisekunde 0.9, na itabidi uicheleweshe kwa kiasi hicho hicho kwenye mitambo.

Kisha hupimwa ukubwa wa sauti. Hupigwa kelele ya majaribio, ule mvumo unaobeba besi hadi sauti nyembamba kwa uwiano, spika moja baada ya nyingine, huku kipimo cha sauti kikiwa pale kichwa chako kinapokaa. Kwenye ukumbi mkubwa wa filamu kila spika ya mbele hurekebishwa hadi desibeli 85. Katika chumba kidogo kiwango hicho kinachosha, kwa hiyo mafundi wengi hushuka hadi karibu 79 au 80. Si namba yenyewe inayotafutwa hapo. Kinachotafutwa ni kwamba ukishaiweka huigusi tena, ili sikio lako lijue mnong'ono ni upi na kelele ni ipi. Fundi anayepandisha na kushusha sauti ya chumba siku nzima hana mahali pa kusimama.

Ukumbini mambo ni tofauti kwa njia moja inayosumbua sana baadaye. Spika tatu za mbele zimefichwa nyuma ya skrini yenye vitundu vidogo, lakini za pembeni si mbili. Ni safu nzima kwenye kuta za kushoto, za kulia na za nyuma, na kila safu hurekebishwa hadi desibeli 82, tatu pungufu ya mbele, kwa hesabu kwamba safu mbili zikilia pamoja zinafika 85. Nyumbani spika zote huwekwa sawa. Ndiyo maana mchanganyo uliofanywa ukumbini ukipelekwa sebuleni bila kuguswa, mvua ya pembeni inakuja na desibeli tatu ambazo fundi hakuzikusudia.

Sauti ya pembeni yenye pande mbili ilipata umaarufu mwaka 1979 na filamu ya Apocalypse Now, ambayo Walter Murch aliisimamia upande wa sauti. Kabla ya hapo filamu nyingi zilizokuwa na sauti ya kuzunguka zilikuwa na chaneli moja tu ya pembeni, sauti ile ile kila ukutani. Murch na wenzake waligawa pembeni kushoto na kulia, na mwanzoni mwa filamu hiyo helikopta inasikika ikiuzunguka ukumbi. Mwaka 1992 Batman Returns ilifika kumbi za sinema ikiwa na chaneli hizo kwa njia ya dijitali kwenye filamu ya kawaida ya milimita 35, na toka hapo 5.1 ikawa lugha ya kila siku.

Chaneli ya katikati ni kongwe kuliko hayo yote. Mwaka 1933 maabara za Bell zilirusha muziki wa okestra ya Philadelphia kwa njia ya simu hadi ukumbini Washington, wakitumia njia tatu, kushoto, katikati na kulia, huku kondakta Leopold Stokowski akiwa kwenye mitambo. Spika mbili zilizo mbali huacha shimo katikati, na ile ya tatu ililiziba. Mwaka 1940 filamu ya Fantasia, tena na Stokowski, ilipeleka njia tatu za mbele kwenye sinema. Wenye santuri na redio wakaridhika na mbili, lakini watu wa filamu hawakuiachia ya tatu.

Hawakuiachia kwa sababu ya viti. Sauti ikitoka sawasawa kushoto na kulia, aliyekaa katikati kabisa ataisikia kama inatoka katikati ya skrini, ingawa hapo hakuna kitu. Aliyekaa ubavuni kushoto, spika ya kushoto inamfikia kwanza, na ubongo huamini kilichofika kwanza. Kwa mtu huyo, binti anazungumza kutoka ukutani wakati uso wake uko katikati ya picha. Spika halisi ya katikati inamaliza ubishi huo kwa kila kiti.

Sababu ya pili haisemwi sana, na mimi ndiyo naiona nzito zaidi. Maneno yanayotoka kwenye spika mbili hufika mara mbili katika kila sikio: kwanza kutoka spika iliyo upande wake, kisha, karibu robo ya milisekunde baadaye, kutoka ile ya upande wa pili. Kuchelewa huko kunafanya mawimbi yapingane karibu na hezi 2,000, na kilichoko hapo kinapungua. Ni jirani kabisa na eneo ambalo sikio linatumia kutenganisha k na t, p na ch. Kwa hiyo mtu yule yule, kwa maikrofoni ile ile, anaeleweka zaidi akitoka kwenye spika moja ya katikati kuliko akitoka kwenye mbili.

Turudi kwenye feri. Maneno ya mama na binti yanakwenda katikati, yote, hata mama anapotembea kutoka upande mmoja wa picha kwenda mwingine. Mwanafunzi wa kuchanganya sauti hutaka kumfuata mhusika kwa sauti. Kisha mhariri anakata picha, mama aliyekuwa kulia sasa yuko kushoto, na sauti inaruka ukumbini bila sababu ambayo mtazamaji anaijua. Sheria hii ina wavunjaji wazuri. Gravity ya mwaka 2013 inazungusha sauti za wahusika kote ukumbini, lakini hadithi yake inatokea angani, ambako kamera inaelea mfululizo bila kukata kwa muda mrefu. Feri ya Kigamboni haina kisingizio hicho.

Kuna kosa lingine la watu waangalifu kupita kiasi. Wanaogopa kwamba spika ya katikati ya nyumbani itakuwa dhaifu, kwa hiyo wanamwaga maneno kidogo kushoto na kidogo kulia pia, kama bima. Ukumbini wanarudisha ubishi wa viti niliousema. Kwenye stirio wanapata adhabu ya pili, na hapa ndipo inabidi tuingie kwenye kukunja.

Kukunja ni kuzigeuza chaneli sita kuwa mbili. Runinga, kisimbuzi na programu ya simu hufanya hivyo zenyewe, kwa kanuni ile ile ya ITU au ya jirani yake. Chaneli ya kushoto ya stirio inapata kushoto yote, ikiongezewa katikati iliyozidishwa kwa 0.707, na pembeni kushoto iliyozidishwa kwa 0.707. Upande wa kulia ni vivyo hivyo. Namba 0.707 ni kushusha desibeli tatu. Katikati inashushwa kwa sababu sasa inalia kwenye spika mbili badala ya moja, na mbili zilizoshushwa hivyo zinatoa nguvu ile ile ya moja. LFE kwa kawaida haimo kabisa. Inatupwa.

Mtu aliyeweka maneno kwa usawa kushoto, katikati na kulia anapata, katika kila upande wa stirio, moja jumlisha 0.707, yaani 1.707. Aliyeyaweka katikati tu anapata 0.707. Tofauti yao ni karibu desibeli 7.7. Katika stirio binti wa yule mwangalifu anafoka, na runinga haina namna ya kujua kwamba hakukusudia.

Sasa vitu vingine, kimoja kimoja. Injini kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoleta msiba wa haraka. Chumbani ni raha kuiweka kwenye LFE, kiti kinatetemeka. Ikikunjwa, feri inazima injini katikati ya bahari, kwa kuwa LFE imetupwa. Mwili wa injini, ule mngurumo wa hezi 60 hadi 200 pamoja na mgongano wa vyuma juu yake, uwe kushoto na kulia. LFE ipewe nyongeza tu, kitu ambacho kikitoweka hakuna atakayekidai. Tena usiichanganye LFE na sabufa. Sabufa ni boksi, na nyumbani mara nyingi hupokea pia besi ya spika nyingine ndogo. LFE ni chaneli, na inaweza kuwa tupu filamu nzima bila mtu kupata hasara.

Honi ya meli ni mtego wa kimyakimya. Iko nyuma yao, kwa hiyo mkono unaiweka sawasawa pembeni kushoto na pembeni kulia. Chumbani inatokea nyuma, sawa kabisa. Ikikunjwa, nakala mbili zilizo sawa zinakwenda moja kushoto na moja kulia, na sauti iliyo sawa pande zote mbili huonekana inatoka katikati. Honi iliyokuwa gizani nyuma sasa imekaa juu ya uso wa binti, mahali pale pale maneno yake yalipo. Dawa ni kuielemeza upande mmoja, pembeni kushoto kwa mfano, na kuachia kidogo chaneli ya kushoto ya mbele. Kusogeza honi nusu sekunde ili isigongane na neno "shule" nako kunasaidia, na mwongozaji wa filamu kwa kawaida hatagundua.

Redio ya taarabu iko kulia tu. Haina matatizo, iache.

Mvua ndiyo inayowadanganya watu wanaoamini vipimo. Imerekodiwa kwa njia nne tofauti, ikamwagwa kushoto, kulia na pembeni zote mbili kwa kiwango kimoja. Ukifanya hesabu ya nguvu, kukunja kunaipunguza: spika nne zilikuwa na sehemu nne za mvua, na stirio inabaki na tatu, moja na nusu kila upande. Ni kama desibeli moja na robo pungufu, huku nguvu ya maneno ikibaki pale pale. Kipimo kinasema binti yuko salama zaidi kuliko mwanzo. Sikio linasema amezama, na sikio ndilo lenye haki. Chumbani mvua ilitoka pande nne na maneno yalitoka mahali pake penyewe, na binadamu ni hodari wa kuchambua sauti zinazotoka pande tofauti. Katika stirio mvua na maneno vinatoka kwenye spika zile zile mbili. Kilichokuwa kinamlinda binti ulikuwa ni mwelekeo, na mwelekeo umekwisha.

Wengi hapo hupandisha maneno. Mimi nashusha mvua desibeli mbili chini ya sentensi zake tu, tena polepole, ianze kushuka kabla hajafungua mdomo. Kisha napunguza kidogo kwenye mvua hiyo eneo la hezi 2,000 hadi 4,000, ambako bati hupiga kelele kali na konsonanti nazo zinaishi. Maneno yakipandishwa badala yake, onyesho zima linaanza kukimbizana, na pia kuna mipaka ya wanaopokea kazi. Netflix, kwa mfano, wanataka mazungumzo ya mchanganyo wa 5.1 yawe na wastani wa LKFS 27 chini ya sifuri, kupishana kwa mbili tu juu au chini.

Muziki umebaki. Uko kushoto na kulia, na pembeni kuna mwangwi wake. Katikati hakuna muziki, kwa maamuzi yangu; hapo pana mwenyewe. Hatari iko kwenye mwangwi. Njia ya mkato ni kuchukua nakala ya muziki wa mbele, kuichelewesha milisekunde 10 na kuitupa pembeni. Chumbani inapanuka vizuri. Ikikunjwa, nakala inarudi juu ya asili yake, na kila hezi 100, kuanzia 50, panatokea shimo. Kati ya kilele na shimo kuna tofauti ya desibeli 15. Muziki unasikika wa puani, wenye rangi ya ajabu ambayo hakuna kisawazishi kitakachoiondoa. Kibaya zaidi ni zile programu za kutanua sauti zinazogeuza wimbi juu chini kabla ya kulipeleka pembeni. Hapo kukunja kunatoa badala ya kujumlisha, moja kuondoa 0.707, na muziki unaanguka karibu desibeli 11. Ukikunja ukasikia violini zimerudi nyuma wakati hukuzigusa, usitafute mbali. Mwangwi wa pembeni utengenezwe kivyake, si kwa kunakili.

Namna ya kujua haya yote ni kusikiliza kilichokunjwa wakati unafanya kazi, si siku ya kukabidhi. Studio nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo papo hapo. Asiye nacho anaweza kutumia programu ya bure, ffmpeg, kwenye faili lililohifadhiwa:

```
ffmpeg -i feri51.wav -af "pan=stereo|c0=0.414*c0+0.293*c2+0.293*c4|c1=0.414*c1+0.293*c2+0.293*c5" -c:a pcm_s24le feri_stirio.wav
```

Hesabu yake ni ile ile ya ITU, ila kila kitu kimeshushwa kwa uwiano mmoja. Kushoto nzima, katikati na pembeni zikilia kwa nguvu zote kwa pamoja, jumla ni 2.414, zaidi ya desibeli saba juu ya paa, na sauti itakwaruza. Ukizidisha zote kwa 0.414, jumla haiwezi kuvuka moja. Faili litakuwa na sauti ndogo. Lipandishe baadaye hadi linapotakiwa, ukiweka kizuizi cha vilele. Namba c3, ambayo ni LFE, haionekani kwenye amri hiyo, na sababu umeshaijua.

Sikiliza faili hilo kwenye spika mbili ndogo, kwa sauti ya chini, ile ambayo mtu angeiweka watoto wakiwa wamelala. Andika maneno unayoyakosa. Kisha lisikilize kwenye simu yenye spika moja. Huko mara nyingi maneno yanatoka wazi zaidi kuliko kwenye runinga, kwa kuwa kilicho sawa pande zote mbili kinajumlishwa kikamilifu na kilichotawanyika kinajumlishwa nusunusu. Kikipotea kitu kwenye simu lakini kipo kwenye stirio, kuna wimbi lililogeuzwa mahali fulani. Halafu rudi chumbani kwenye 5.1 na ufanye marekebisho huko huko. Ukilitengeneza faili la stirio peke yake, runinga ya mtu mwingine itakunja lile la 5.1 ambalo hukulirekebisha.

Kabla ya kutuma, hakikisha mpangilio wa chaneli, maana amri ile inaamini jambo moja: kwamba faili lina kushoto, kulia, katikati, LFE, pembeni kushoto, pembeni kulia. Watu wa filamu wana mpangilio wao mwingine: kushoto, katikati, kulia, pembeni kushoto, pembeni kulia, LFE. Vyote viwili ni halali, na faili halipigi kelele likisomwa vibaya. Jirekodi ukitaja jina la kila chaneli ndani ya chaneli yake na uitume pamoja na kazi, ili anayepokea aisikilize kwanza. Faili la mpangilio wa filamu likisomwa kwa mpangilio wa kwanza, binti anazungumza kutoka kulia, taarabu imehamia katikati, mvua ya pembeni kushoto imezama kwenye sabufa, na mtikisiko wa injini unatoka pembeni kulia. Ukisikia hivyo usiguse kiwango chochote cha sauti. Panga chaneli upya, kisha anza kusikiliza kutoka sekunde ya kwanza.